Mzigo umepokelewa, hela haijatoka, na Juni ndiyo hiyo

*Mama, shikamoo. Nina duka la steshenari Nkuhungu, huu ni mwaka wa nne. Februari afisa wa ofisi moja ya umma hapa mjini alinipigia simu: wana kikao, niwapelekee rimu 250 haraka, hati ya kuagizia, yaani LPO, itafuata. Nikapeleka tarehe 19. LPO ikatoka 4 Machi: rimu 400 kwa 13,000, tona 30 kwa 310,000 na mafaili ya boksi 150 kwa 6,000, jumla 15,400,000. Tarehe 10 Machi nikamalizia rimu 150, tona zote na mafaili. Kesho yake nikampa afisa ununuzi ankara mkononi.*

*Mwisho wa Machi wakasema haina risiti ya EFD. Sikuitoa kwa sababu hela sijapokea, sasa kodi nilipe ya nini? Aprili ikarudi tena, eti tarehe hazikubaliani. Kijana mmoja pale akanishauri nichape hati ya dilivari upya niandike Machi, na niache laki tatu ya kusukuma faili.*

*Mzigo ulinigharimu 12,600,000 na usafiri 180,000. Milioni 6 ni mali kauli ya Kariakoo, tulikubaliana siku 30. Milioni 4 ni za VICOBA, riba asilimia 5 kwa mwezi, na kila mwezi nalipa riba tu. Zilizobaki ni zangu. Duka lilikuwa linauza 150,000 kwa siku, sasa 90,000 kwa sababu rafu ziko tupu. Hii ni katikati ya Mei na sijui hata faili liko wapi. Halafu LPO yangu ya mwaka jana ya 4,200,000 iliingia benki 4,116,000. Nani alikula 84,000? VAT sijasajiliwa.*

*Mwenye duka, Nkuhungu*

Marahaba mwanangu. Nianze na hiyo 84,000 maana ndiyo nyepesi. Haikuliwa na mtu. Ni kodi ya zuio, asilimia 2, ambayo ofisi ya serikali hukata inapolipia bidhaa na kuipeleka TRA kwa jina lako. Ni kodi yako ya mapato iliyolipwa mapema, na inatolewa kwenye kodi unayodaiwa ya mwaka, mradi uwe na cheti chake. Nenda kwa mhasibu aliyekulipa ukiwa na tarehe hela ilipoingia na namba ya LPO, umwombe cheti cha kodi ya zuio. Wauzaji wengi hawakiombi, basi wanalipa kodi hiyohiyo mara mbili. Na kwenye mzigo huu watakata tena: asilimia 2 ya 15,400,000 ni 308,000. Usiiweke kwenye hesabu ya hela utakayoishika.

Sasa tuje kwenye faili. Nilikaa dawati la ukaguzi wa awali wa malipo miaka 11 kabla sijastaafu, kwa hiyo nitakueleza lilivyoonekana kutoka upande wa pili wa meza.

Faili la malipo linapofika ukaguzi wa awali, anayelisoma hamjui muuzaji wala hajaziona rimu. Ana karatasi tu mbele yake, na kazi yake ni kuziuliza swali moja: je, zinasimulia habari moja kwa mfuatano unaowezekana? Ofisi iliomba, ikaagiza, mzigo ukaja, ukakaguliwa, ukaingia stoo, ndipo muuzaji akadai. Mimi nilikuwa nazipanga tarehe kwenye kipande cha karatasi pembeni kabla sijasoma kitu kingine chochote. Ya kwako ningeandika: dilivari 19 Februari, LPO 4 Machi, dilivari 10 Machi, ankara 11 Machi. Hapohapo kalamu inasimama. Mzigo umefika wiki mbili kabla haujaagizwa. Nikilipitisha hilo, mkaguzi wa CAG atakapokuja ataandika hoja, na hoja itanikuta mimi, si aliyekupigia simu.

Ndiyo maana ushauri wa kuchapa dilivari upya ni mbaya kuliko tatizo lenyewe. Stoo ina leja. Rimu 250 zimeandikwa humo zilipoingia, getini kuna daftari la magari, na huenda nyingine zilishatolewa kwenda kwenye kikao hichohicho kwa hati ya Februari. Karatasi yako mpya ya Machi itagongana na zote hizo, na hapo kosa linahama. Leo kosa ni la ofisi iliyoagiza kwa simu. Ukiandika tarehe ya uongo, kosa ni lako, linaitwa kughushi, na deni halali linageuka kesi. Laki tatu nayo baki nayo. Anayekuomba hana cha kusukuma, kwa sababu faili halijakwama kwenye uvivu wa mtu, limekwama kwenye tarehe, na tarehe haisukumwi. TAKUKURU wapo kama ataendelea kukusumbua.

Lakini angalia vizuri mwanangu, si mzigo wote wenye kasoro. Hapa ndipo nataka ukae na kalamu.

Rimu 250 za Februari, kwa 13,000, ni 3,250,000. Hizo ndizo zilizotangulia LPO. Mzigo wa 10 Machi ni rimu 150, yaani 1,950,000, tona 9,300,000 na mafaili 900,000. Jumla yake ni 12,150,000, na wote ulikuja baada ya LPO, kwa mfuatano ule unaotakiwa. Wewe uliandika ankara moja ya 15,400,000, basi 3,250,000 yenye ugonjwa imeilaza kitandani 12,150,000 iliyo nzima.

LPO moja inaweza kulipwa kwa awamu kadiri mzigo ulivyopokelewa. Cha kujua kwanza ni stoo walifanyaje: je, waliandika hati moja ya mapokezi kwa mzigo wote, au mbili, ya Februari na ya Machi? Ulizia stoo kwenyewe, usiulizie ununuzi. Kama ziko mbili, njia ni nyeupe. Kama ni moja, angalia dilivari zako mbili zilizosainiwa. Hizo ndizo zitakazomwezesha mtunza stoo na kamati ya ukaguzi na mapokezi kueleza kipi kilipokelewa lini. Kueleza kilichotokea kweli ni halali kabisa. Kubuni ndiko kusikotakiwa.

Kisha andika barua ya kuiondoa ankara ya 11 Machi na kuwasilisha mbili mahali pake, kila moja na namba yake na tarehe ya siku utakayoiandika. Ya kwanza 12,150,000 kwa mzigo wa 10 Machi. Ya pili 3,250,000 kwa rimu za Februari, na humo useme wazi kwamba ziliombwa kwa simu, zikapokelewa tarehe 19 Februari, na LPO ikatoka 4 Machi. Usimtaje mtu kwa ubaya, taja cheo chake tu. Maelezo ya kwa nini mzigo ulitangulia LPO yanatakiwa kuandikwa na ofisi, kwa dokezo hadi kwa Afisa Masuuli, anayewajibika kwa fedha za ofisi, na yeye ndiye atakayeamua kinachofuata. Hilo litachukua muda wake. Acha lichukue, likiwa peke yake.

Sasa risiti ya EFD. Hapa ofisi ina haki na wewe umekosea, ingawa nakuelewa. Risiti haisubiri hela. Inatakiwa kutoka unapotoa bidhaa. Umechelewa, kwa hiyo toa sasa, tarehe itakuwa ya leo na mashine haitakubali vinginevyo. Bahati nzuri ya kuchelewa kwako ni kwamba hujatoa moja ya jumla, basi toa mbili zinazolingana na ankara mbili. Ingiza jina la ofisi na TIN yake kwenye mashine kabla ya kuchapa. Risiti isiyo na jina la mnunuzi nilikuwa nazirudisha kila wiki. Kwa mkaguzi haina tofauti na risiti ya mpita njia aliyenunua kalamu.

Unaogopa mambo mawili. La kwanza, kwamba risiti itasema umeshalipwa. Ndiyo maana barua ya kuwasilisha iwe na sentensi moja inayosema kiasi hiki hakijalipwa hadi tarehe hii, na uweke akaunti ya kulipia. La pili, kodi. Ni kweli mauzo hayo yanaweza kuhesabika kwenye mwaka wako wa mapato hata kabla hujaona hela. Lakini kodi ya mapato unailipa kwa makadirio ya awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, na inatozwa kwa mwaka mzima, si kwa risiti moja siku ileile. Kama makadirio yako hayaendani tena na hali halisi, nenda ofisi ya TRA mkayapitie upya kabla ya awamu ya Juni. Mwenye shida kubwa kuliko yako ni aliyesajiliwa VAT: yeye ritani yake inamdai tarehe 20 ya mwezi unaofuata, asilimia 18, hela iwe imeingia au haijaingia. Mauzo yako yakikaribia milioni 200 kwa miezi 12, na wewe utafika huko, kwa hiyo anza kuliwazia.

Na jambo dogo kuhusu risiti hizo. Karatasi yake inachapwa kwa joto, na kwa joto hufutika. Niliwahi kufungua faili la Oktoba mwezi Februari, risiti imebandikwa vizuri kabisa kwa stepla, nyeupe kama maziwa, hakuna herufi hata moja. Faili lilikuwa limekaa karibu na dirisha, na jua la Dodoma unalijua. Muuzaji ilibidi arudi kutafuta nakala ya mashine yake. Wewe siku hiyohiyo utakapochapa, toa fotokopi tatu: moja uiambatishe pamoja na risiti halisi, moja ibaki kwako, moja iende kwa anayekutunzia hesabu. Si una mashine ya fotokopi dukani? Basi.

Ankara hizi usimpe mtu mkononi tena. Zipeleke masjala. Ukimpa afisa mkononi, zinakuwa karatasi kwenye droo ya mtu, na siku akienda likizo au semina Arusha, hakuna anayejua kama zipo. Masjala wanazigonga muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, wanaziingiza kwenye daftari, zinapata folio kwenye faili. Nenda na nakala ya pili igongwe muhuri uleule, urudi nayo. Kuanzia hapo swali lako linabadilika. Hutauliza tena "vipi hela yangu?", swali ambalo jibu lake ni "njoo wiki ijayo". Utauliza: "Barua yangu iliyopokelewa tarehe fulani iko kwa nani?"

Na kila hatua ina swali lake. Ikitoka masjala inapanda kwa Afisa Masuuli, anaandika maelekezo, inashuka uhasibu. Hapo uliza kama idara iliyotumia mzigo imeshaandika dokezo la kuomba malipo, kwa sababu hapo ndipo mafaili mengi hulala bila mtu kuona ni kosa lake. Idara imeshapata tona zake, haina haraka tena. Baada ya hapo ni ukaguzi wa awali. Likishavuka, uliza: "Vocha imeshaingizwa MUSE?" MUSE ni mfumo wa malipo wa serikali, na hilo ndilo swali la mtu anayejua. Jibu likiwa ndiyo, kilichobaki ni vibali ndani ya mfumo na fedha kuwepo kwenye kasma, yaani fungu lake la bajeti. Jibu likiwa bado, hata wakikuambia "iko kwenye malipo", haiko. Nenda mara moja kwa wiki, siku ileile, na andika ulichoambiwa na cheo cha aliyekuambia. Kwenda kila siku ni nauli bure, na wanaanza kukukimbia kwenye korido.

Kinachonitia haraka ni tarehe 30 Juni. Mwaka wa fedha wa serikali unafungwa siku hiyo. Malipo ambayo hayajatoka hayafutiki, lakini yanahama: yanakuwa deni la mwaka uliopita, linaingizwa kwenye orodha ya madeni, linahakikiwa, halafu linasubiri kutafutiwa fedha kwenye bajeti mpya, likishindana na mahitaji mapya. Uhakiki huo unataka karatasi zilezile, na safari hii wanaozisoma hawakuwahi kukuona. Wiki mbili za mwisho za Juni kila ofisi inakimbiza vocha, na yenye dosari ndogo inawekwa pembeni kwa sababu hakuna muda wa kuijadili. Kwa hiyo lengo lako ni ankara ya 12,150,000 iwe imegongwa muhuri wa masjala wiki hii ya Mei na iwe imeingia MUSE kabla ya tarehe 10 Juni. Ile ya 3,250,000 jiandae kisaikolojia kwamba inaweza kuvuka mwaka. Ikivuka, Julai andika barua ya kuomba wathibitishe deni kwa maandishi, na nakala zote uzihifadhi pamoja na dilivari zako.

Tuje kwenye hela ya kuishi nayo sasa. Nimekufanyia hesabu ya kungoja, kwa sababu naona wewe unahesabu riba ya VICOBA tu.

Faida yako ya mzigo huu, ukitoa gharama na usafiri, ni 2,620,000. Toa kodi ya zuio 308,000, maana itakurudia baadaye na si sasa. Unabaki na 2,312,000 ya kushika. Kila mwezi wa kungoja, VICOBA wanachukua 200,000. Hiyo unaiona. Usiyoiona ni rafu. Mauzo yameshuka kwa 60,000 kwa siku, na nikikisia faida ya rejareja kuwa asilimia 20, wewe unaijua yako, unapoteza 12,000 kila siku, kwa siku 26 za kazi ni 312,000. Kumbe Kariakoo asiyekutoza riba ndiye anayekugharimu zaidi kuliko VICOBA, kwa sababu hajakupa mzigo mpya. Jumla ni 512,000 kwa mwezi. Gawa 2,312,000 kwa hiyo: miezi minne na nusu. Ukianza kuhesabu 10 Machi, faida yote ya LPO hii inakwisha kuelekea mwisho wa Julai, na kuanzia hapo unailipa serikali uipatie tona.

Sasa ona kinachotokea ankara ya kwanza ikitoka peke yake Juni. 12,150,000 ukitoa asilimia 2, yaani 243,000, inaingia 11,907,000. Lipa Kariakoo milioni 6, lipa VICOBA milioni 4 yote, unabaki na 1,907,000 ya kujaza rafu, na Kariakoo amekufungulia tena mlango. Zile rimu za Februari zikisubiri hata hadi Desemba, zinasubiri kwa hela yako mwenyewe, bila riba, duka likiwa linauza. Ndiyo maana nimekazania kuzitenganisha.

Kati ya leo na siku hiyo, mpigie mtu wa Kariakoo kabla hajakupigia yeye. Wewe umempita siku 30 kimyakimya, na mfanyabiashara haogopi deni kama anavyoogopa ukimya. Mtumie picha ya ankara iliyogongwa muhuri wa masjala, si maneno. Mpe kitu, hata 500,000, umwombe akupe mzigo mdogo kwa fedha taslimu wa vile vinavyotoka kila siku: madaftari, kalamu, gundi, karatasi za fotokopi. Usiagize tona wala mafaili ya boksi kuweka rafuni sasa. Hivyo ni vitu vya kungoja mteja, na wewe umeshangoja vya kutosha.

Kuna kitu kinaitwa mkopo wa LPO, na kingine cha ankara, benki zetu kubwa zinavyo. Benki inakupa sehemu ya thamani, na malipo ya ofisi yanapitia kwenye akaunti yako ya benki hiyo hadi deni liishe. Riba yake kwa kawaida iko chini sana ya asilimia 5 kwa mwezi. Lakini watataka ofisi ithibitishe kwa barua kwamba malipo yatakwenda kwenye akaunti ile, na watazipanga tarehe kama mimi. Ankara ya 12,150,000 itapita kwenye meza hiyo. Ya 15,400,000 isingepita. Ukiona Juni inasogea na vocha haijaingia, ulizia benki unayopitishia mauzo yako, na hela hiyo ilipe VICOBA tu. Usiifungulie oda nyingine.

Kuhusu oda nyingine. Aliyekupigia simu Februari atapiga tena, maana ulimwokoa. Mjibu kwa heshima: "Mzigo upo na nimekutengea, nikiona LPO tu gari linatoka." Ununuzi wa serikali sasa unapita kwenye mfumo wa mtandaoni wa NeST, wewe mwenyewe umesajiliwa humo, kwa hiyo ombi lisiloonekana kwenye mfumo bado halijawa oda, ni maongezi. Atanuna, pengine atampigia jirani yako. Kama huwezi kabisa kumkatalia, basi mpe kiasi ambacho kikipotea mwaka mzima duka halitatikisika. Kwa mtaji wako ninaouona kwenye barua, hizo ni rimu 20, si 250.

Na LPO inapokuja, kabla hujanunua chochote, muulize mhasibu fedha hiyo inatoka wapi. Kama ni matumizi mengineyo, inategemea Hazina imetoa mgao, na mgao huja kwa awamu. Kama ni mapato ya ndani ya taasisi, inategemea wamekusanya nini mwezi huo. Kama ni ya mradi, ulizia mradi unafungwa lini. Bei yako ibebe jibu hilo. Kwenye LPO hii uliweka rimu kwa 13,000 kana kwamba mteja anasimama kaunta na pochi mkononi. Kwa hela unayoijua itakaa miezi minne, na riba unayolipa wewe, bei uliyotakiwa kujaza kwenye nukuu ni nyingine. Huwezi kuibadili sasa, LPO imeshaibana, lakini nukuu ijayo ijaze ukiwa na ile 512,000 mezani.

Kesho asubuhi anza na stoo. Nenda mapema kabla mtunza stoo hajaanza kutoa vifaa, maana akianza hatakusikiliza. Chukua dilivari zako mbili zenye saini, muulize namba za hati za mapokezi, uziandike nyuma ya dilivari hizo. Ukishapata namba, niandikie kama ni moja au mbili.